Acheni Kutuambia Tuzime Secure Boot

Kuna jibu moja limenichosha. Mtu anauliza kwa adabu jinsi ya kuweka Ubuntu, mfumo wa familia ya Linux, kando ya Windows katika kompyuta moja, na kabla hajamaliza kueleza diski yake imegawanywaje, ameshajibiwa: "Zima Secure Boot kwanza." Secure Boot ni ulinzi unaokagua saini za programu zinazoiwasha kompyuta, na hilo la kuizima ni jibu la mwaka 2012, ambalo wataalamu wetu wanaendelea kuligawa kama dawa ya kila homa.

Wanaolitoa hawasemi kinachofuata. Katika kompyuta nyingi za leo diski ya Windows imefungwa kwa usimbaji wa BitLocker, na chipu ya usalama iitwayo TPM huufungua mlango kwa sharti kwamba hali ya Secure Boot haijabadilika. Ukiizima, Windows inakusimamisha kwenye skrini ya buluu ikidai ufunguo wa tarakimu 48 ambao watu wengi hawajui hata umehifadhiwa wapi. Wakati huo mshauri wako ameshalala.

Na yote hayo ni ya bure, kwa sababu tatizo lilishatatuliwa. Secure Boot haiichukii Linux. Inachokataa ni programu isiyo na saini inayotambuliwa na vyeti vilivyomo kwenye ubao mama, na vyeti vinavyopatikana karibu katika kila mashine ni vya Microsoft. Je, watengenezaji wa Linux wangepeleka GRUB, programu inayoipakia Linux, na kila kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, Microsoft zikatiwe saini? Kerneli hutoka mara kwa mara, na marekebisho ya usalama hayawezi kupanga foleni kwenye ofisi ya mtu mwingine. Zaidi ya hayo, GRUB iko chini ya leseni ya GPLv3, ambayo Microsoft haikubali kuitia saini.

Hapo ndipo ilipotengenezwa shim. Ni programu ndogo, yenye leseni nyepesi na isiyobadilika mara kwa mara, ambayo Microsoft huitia saini, na ndani yake kimefungwa pia cheti cha watengenezaji wa mfumo wenyewe. Ubao mama unaikagua `shimx64.efi` kwa cheti cha Microsoft na kuiruhusu. Kisha shim inaikagua `grubx64.efi` kwa cheti cha Ubuntu. Kisha GRUB inapoipakia kerneli, huirudia shim ihakikishe saini yake. Kuanzia hapo Ubuntu wanajitilia saini kerneli zao wenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Ukiiondoa shim ukaiacha GRUB peke yake, mnyororo unakatika kwenye kiungo cha kwanza.

Wanaobisha hukimbilia draiva. Ni kweli kwamba draiva inayotengenezwa kwenye mashine yako mwenyewe, badala ya kuletwa na Ubuntu, haina saini ya Ubuntu, na ukijaribu kuipakia kwa `modprobe` utaambiwa `Key was rejected by service`. Lakini shim imeweka mlango wa mwenye nyumba, unaoitwa MOK, yaani ufunguo wa mwenye mashine. Kwanza hakikisha kwa `mokutil --sb-state` kwamba ulinzi umewashwa kweli, kisha sajili ufunguo ambao Ubuntu huutumia kutia saini draiva hizo:

```
sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der
```

Utatakiwa kubuni nenosiri la kutumia mara moja. Ukiwasha upya, itatokea skrini ya buluu yenye maneno `Press any key to perform MOK management`. Bonyeza kitufe chochote upesi, kwa kuwa inasubiri sekunde chache tu, halafu chagua `Enroll MOK`, thibitisha na uandike nenosiri lile. Ukichelewa, kompyuta inaendelea kuwaka kama kawaida na ufunguo unakuwa haujasajiliwa, jambo ambalo huwafanya wengi waseme kwamba "haifanyi kazi." Hatua hii inamtaka mtu aliyeketi mbele ya kibodi, ili programu hasidi isiweze kujisajilia ufunguo kimyakimya.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba funguo za nyumba anazo jirani, yaani Microsoft. Mwezi Agosti 2024 sasisho la Windows liliandika orodha mpya ya matoleo ya programu za kuwashia yaliyopigwa marufuku, ile ya SBAT, hata katika mashine zenye mifumo miwili ambazo Microsoft ilisema hazingeguswa. Watu waliokuwa na shim za zamani wakakuta Linux haiwaki, na kwenye skrini kuna `SBAT self-check failed: Security Policy Violation`. Hapo, naam, ilibidi Secure Boot izimwe, lakini kwa muda tu: unakuwa na ufunguo wa BitLocker mkononi, unaingia Linux, unaendesha `sudo mokutil --set-sbat-policy delete`, unasasisha shim, unawasha upya mara moja, kisha unairudisha Secure Boot.