Kabla Wazee Hawajakaa

"Kama unaniamini, ya nini kunipeleka maabara?"

Nimewasikia mabinti wakilisema hilo wanapoombwa na wachumba wao wapime damu kabla ya ndoa, na vijana pia, na kila mara mwenye kulisema huonekana ndiye aliyeonewa. Aliyetaja maabara hubaki anajitetea. Mimi naona mara nyingi huyu wa pili ndiye asiyeeleweka, ila nianze na aliyekasirika, kwa sababu hasira yake haikutoka hewani.

Hapa Tanzania, ukimwambia mchumba "tukapime" bila kuongeza neno, umeshamwambia ukimwi. Lugha ilikwenda hivyo. Kwa zaidi ya miaka ishirini neno kupima limetembea na mabango ya virusi, na virusi vimetembea na maswali ya nani alilala na nani. Kwa hiyo binti anayesikia "tukapime" anasikia "nataka kujua ulikuwa wapi kabla yangu". Na kama ombi limekuja mahari imeshapokelewa, kadi zimeshachapishwa na michango imeanza kuingia, hasira yake ina hesabu ndani yake. Harusi ikivunjika wakati huo, watu hawatauliza majibu ya damu yalikuwaje. Watamuuliza yeye ana nini, na jina litakaloendelea kubeba kisa hicho mtaani litakuwa la kwake kuliko la mwanamume. Halafu majibu yenyewe huvuja. Karatasi inasomwa na dada, dada anamwambia shangazi, na ugomvi wa kwanza ndani ya ndoa unakuja na lile neno lililosomwa kwenye karatasi.

Hayo yote nayakubali. Ninachokataa ni kuchukua kosa la namna ya kuuliza na kulifanya hoja dhidi ya kuuliza kwenyewe. Na kipimo kinachoonyesha tofauti hiyo vizuri ni cha sikoseli, yaani selimundu, kwa sababu hicho hakina tuhuma yoyote ndani yake. Hakuna aliyeipata kwa mwenendo. Mtu huzaliwa nayo au bila nayo, na aliyerithi upande mmoja tu, ambaye karatasi yake huandikwa AS, anaweza kufika uzee bila siku moja ya kuumwa kwa ajili hiyo. Tena damu ya AS humpa mtoto kinga kiasi fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kurithi huku kumeenea zaidi kwenye maeneo yaliyokaa na mbu kwa vizazi vingi. Kanda ya Ziwa, karibu mtu mmoja kati ya watano ni AS. Nchi nzima, watoto wapatao 11,000 huzaliwa na sikoseli kila mwaka, na wengi wao wazazi wote wawili walikuwa wazima siku ya harusi.

Hapo ndipo desturi yetu ilipotuangusha, ingawa watu husema kuuliza magonjwa ni mambo ya kizungu. Si kweli. Wazee walichunguza ukoo kabla ya kupeleka barua ya posa. Alitumwa mtu akaulize kama kule kuna kifafa, kuna ukoma, kuna kichaa. Tofauti ni kwamba walichunguza kimyakimya, bila mhusika kujua, na walitafuta ugonjwa unaoonekana. Kijana wa AS angepita uchunguzi huo akiwa amenyoosha kifua.

Tuchukue mfano wa watu wawili wa aina tunayoijua. Kijana ni fundi wa friji Mwanza, mzima kabisa. Binti ni mwalimu kutoka Sengerema, naye mzima. Kijana aliwahi kuwa na mdogo wake aliyefariki akiwa na miaka minne. Nyumbani walisema alikuwa "anaishiwa damu". Mikono ilikuwa ikimvimba alipokuwa mchanga, macho yakigeuka manjano, akaongezewa damu mara mbili. Familia ilizika, ikanyamaza.

Sasa tufanye ile hesabu ambayo watu wengi huishika nusu. Kama mdogo yule alikuwa SS, yaani amerithi pande zote mbili na anaumwa, basi baba na mama ni AS wote wawili, kwa hali ya kawaida. Kila mimba yao ilikuwa na nafasi nne: moja ya SS, mbili za AS, moja ya AA, yaani asiyerithi upande wowote. Kijana wetu ni mzima, kwa hiyo nafasi ya SS tunaifuta. Zimebaki tatu, na mbili kati ya hizo ni AS. Maana yake kijana huyu, kabla hajatoa hata tone la damu, ana uwezekano wa theluthi mbili wa kubeba sikoseli. Kile kifo ambacho familia haikitaji ndiyo taarifa kubwa kuliko zote alizonazo kuhusu watoto wake.

Binti hana habari ya mgonjwa kwao, kwa hiyo tumpe kiwango cha kanda, moja kati ya tano. Wote wawili kuwa AS ni mbili ya tatu mara moja ya tano, yaani mbili kati ya kumi na tano. Mtoto wao mmoja kuwa SS ni robo ya hiyo: moja kati ya thelathini. Ni namba ya wasiwasi usio na umbo. Lakini wakipima, namba hiyo hutoweka. Kama hata mmoja wao ni AA, hakuna mtoto wao atakayekuwa SS. Kama wote ni AS, inakuwa moja kati ya nne, kwa kila mimba. Nasisitiza kila mimba, maana nimesikia watu wakisema "basi tutazaa watatu tuache", kana kwamba ugonjwa unapanga foleni na kumsubiri mtoto wa nne. Kila mimba inaanza upya. Wawili wa AS wakizaa watoto wanne, uwezekano wa kutokuwa na hata mmoja mwenye SS ni kama asilimia 32 tu.

Wanaopinga kupima wana jibu zito hapa: kujua huko kunavunja ndoa. Hushika mfano wa Saudi Arabia, ambako kipimo cha sikoseli na cha thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, kabla ya ndoa kililazimishwa kuanzia 2004, lakini uamuzi wa kuoana ukaachwa kwa wahusika. Ni mfano mzuri, ila nausoma kwa namna nyingine. Mwaka huo wa kwanza, kati ya wachumba waliokutwa wote wawili wana hatari, chini ya mmoja kati ya kumi ndio waliosimamisha ndoa. Kufikia 2009 walikuwa zaidi ya nusu. Damu za watu hazikubadilika katika miaka mitano. Mwanzoni majibu yalikuwa yakiwakuta watu maandalizi yamekwisha na aibu ya kurudi nyuma ni kubwa kuliko hofu ya ugonjwa. Kipimo cha siku za mwisho hakimwachii mtu nafasi ya kuamua, na ni kile kile kinachomtukana. Kwa hiyo hoja yao naichukua, naipeleka mbele: pima mapema, wakati wa kuachana ni maumivu ya watu wawili na si ya koo mbili.

Nirudi kwa fundi wetu. Kosa angelifanya kwa kusema "twende tukapime". Namna iliyo na heshima ni yeye kutangulia peke yake, kisha aje na karatasi yake mkononi: "Mdogo wangu hakufa kwa kuishiwa damu tu kama tunavyosema nyumbani. Nadhani ilikuwa sikoseli. Nimepima, nimetoka AS. Sina ugonjwa, ila nikioana na AS mwenzangu watoto watakuwa hatarini. Naomba nawe upime sikoseli kabla wazee hawajakaa." Hapo hakuna anayemchunguza mwingine. Ametaja ugonjwa kwa jina, ametoa siri ya kwao kwanza, na amesema lini. Akishindwa kulitamka, shangazi anaweza kulibeba: "Mwanangu, kwetu kuna mtoto tulimzika, na wewe una haki ya kujua kwa nini." Shangazi hutumwa kuuliza mengine mazito kuliko hili.

Asichoruhusiwa, kwa maoni yangu, ni kuficha kipimo cha virusi chini ya mwavuli wa sikoseli. Kama anataka na hicho, na homa ya ini pia, avitaje waziwazi na yeye atangulie. Sheria yetu ya ukimwi ya mwaka 2008 inataka ridhaa ya mtu, na hila ya namna hiyo ikigundulika, lile tusi lililokuwa la kudhaniwa tu linakuwa la kweli.

Kuna mtego mwingine, wa maabara yenyewe. Kituo kidogo kinaweza kufanya kile kipimo cha haraka cha kuangalia chembe zikijikunja kama mundu, kisha kikaandika "chanya" tu. Chanya hiyo haitenganishi AS na SS. Mtu mzima asiye na tatizo lolote anarudi nyumbani akiambiwa ana sikoseli, na uchumba unakufa kwa karatasi iliyoandikwa nusu. Kinachohitajika ni kipimo kinachotaja aina za himoglobini, ambacho kwa kawaida ni elektroforesisi, na jibu lake huandikwa AA, AS au SS. Ukiona neno chanya peke yake, bado hujapima. Na aliyeongezewa damu karibuni asubiri kama miezi mitatu, la sivyo maabara itasoma na damu ya aliyemchangia.

Tuseme mwalimu naye ametoka AS. Wapo wanaoamini hapo jibu ni moja, waachane, na wapo watakaoachana kweli bila mmoja wao kuwa na kosa. Wengine watafunga ndoa, na tofauti yao na wazazi wa yule mtoto wa miaka minne ni kwamba watamwambia mkunga mapema, mtoto atapimwa akiwa mchanga, na akikutwa SS ataanza dawa ya penisilini tangu miezi yake ya mwanzo mpaka miaka mitano, kinga ya malaria, kliniki ya kudumu, na baadaye haidroksiurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu. Siku mikono yake itakapovimba, hawatadhani amelogwa. Na fundi atakuwa na kazi nyingine iliyobaki: kuwaambia ndugu zake wazima, ambao kila mmoja ana zile theluthi mbili zake na hajui.