Ukitumiwa skrinshoti ya ripoti ya spidi, usianze na lile duara

Juzi dada mmoja ninayemsaidia mambo ya webusaiti kanitumia skrinshoti ya PageSpeed Insights, ile zana ya Google ya kupima spidi ya ukurasa, upande wa simu, akaandika chini yake "kaka, 65 si mbaya eti? Nimeshapunguza picha zote jana usiku, imepanda kutoka 64 mpaka 65, sasa nifanyeje tena." Nikaiangalia ile picha nikasikitika kidogo, maana usiku mzima wa kazi umeleta pointi moja, na kosa sio lake. Ripoti imempa orodha ndefu ya mapendekezo, kachukua lile lenye namba kubwa kuliko yote akaanza nalo, na nadhani watu wengi tungefanya hivohivo.

Mimi msimamo wangu ni kwamba lile duara lenye alama ndo kitu cha mwisho kusoma kwenye ripoti hii, na hata orodha ya mapendekezo haitakiwi kusomwa ya kwanza. Ngoja nieleze kwa namba zake mwenyewe, kabla hajagusa kitu: FCP sekunde 3.6, Speed Index 5.1, LCP 8.7, TBT milisekunde 120, CLS 0.01. Duara 64, rangi ya machungwa.

Sasa hiyo 64 imetoka wapi? Alama inapigwa kutokana na hivo vipimo vitano tu na kila kimoja kina uzito wake: TBT inabeba 30, LCP 25, CLS 25, FCP 10 na Speed Index 10. FCP ni muda wa kitu cha kwanza kabisa kuonekana, Speed Index ni jinsi skrini inavyojaa haraka, TBT ni muda ambao skripti zimeikaba simu isiweze kumjibu mtu akigusa, CLS ni vile vitu vinavyorukaruka wakati ukurasa unafunguka. Hivo viwili kwake viko safi kabisa, yaani pointi kama 54 kapata hapo. LCP, ambayo ni muda wa kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kuonekana, imempa karibu sifuri kati ya 25. Kwa hiyo 64 inayoonekana kama mwanafunzi wa wastani ni ukurasa ambao mtu anakaa karibu sekunde 9 anasubiri picha ya juu itokee! Kiwango kizuri cha LCP ni sekunde 2.5 kushuka chini, ikipita 4 tayari ni mbaya. Duara limeficha hilo kabisa, na ndo maana silipendi.

Na yale mapendekezo ya chini hayaingii kwenye alama moja kwa moja. Ni makadirio. Kwake la juu lilikuwa la picha, kwamba anaweza kuokoa karibu megabaiti 2.9, halafu "Eliminate render-blocking resources" milisekunde 1,480. Akaona megabaiti 2.9, akasema hapa ndo penye mzigo. Lakini ukifungua lile pendekezo la picha ukaona faili moja moja, nyingi ni picha za galari iliyo chini ya skrini ya kwanza, ambazo mtu hazioni mpaka ateleze ukurasa. Kuzipunguza ni jambo jema, mtu anaokoa bando lake, sipingi, ila hazikuwa ndizo zinazochelewesha kile kinachopimwa. Picha ya juu yenyewe hakuigusa, eti ilikuwa "ndogo tu, 610 KB", na kweli ukiiweka pembeni ya zile za galari inaonekana ndogo.

Pa kuanzia ni hapa: tafuta sehemu inayoitwa "Largest Contentful Paint element" (ripoti mpya zimeandika "LCP breakdown"). Hapo inakuonyesha ni kitu gani hasa kimehesabiwa, na chini yake muda umekatwa vipande vinne. Kwake ilikuwa hivi: kusubiri sava ijibu asilimia 7, Load Delay asilimia 45, Load Time asilimia 35, Render Delay asilimia 13. Nikamwambia dada, ripoti yako yote iko kwenye mistari hii minne, kwingine ni maelezo ya ziada.

Load Time ndo muda wa faili lenyewe kushuka, na hii unaweza kuihakiki kwa hesabu ya kichwani. Kipimo cha simu kinajifanya kiko kwenye mtandao wa megabiti 1.6 kwa sekunde, ukigawa kwa 8 unapata kama kilobaiti 200 kwa sekunde. Picha ya 610 KB inakula sekunde 3 na kidogo. Asilimia 35 ya 8.7 ni sekunde 3 na kidogo. Inalingana, basi hapo hakuna siri, faili ni zito. Na lilikuwa na upana wa pikseli 2400 wakati simu inayoigizwa ina upana wa 412 na kila pikseli inazidishwa kwa 1.75, ambayo ni 721, kwa hiyo picha ya 800 inatosha na kubaki kwenye kipimo hiki.

Lakini kipande kikubwa ni Load Delay, karibu sekunde 4, na hapa ndo watu wengi wanapotea kwa sababu jina halisemi kitu. Ni muda ambao sava imeshajibu, HTML imeanza kuingia, na brauza BADO haijaanza hata kuomba hiyo picha. Yaani picha haishuki polepole, haijaombwa kabisa. Ungeipunguza iwe ya kilobaiti 1 bado hizo sekunde 4 zingekuwepo palepale.

Kwa nini haijaombwa? Nikamwomba afungue chanzo cha ukurasa anitafutie mstari wa hiyo picha, akanitumia huu:

```html
<img src="kichwa.jpg" loading="lazy">
```

Plagini yake ya kuongeza spidi ilikuwa imeweka lazy kwenye kila picha ya ukurasa mzima, pamoja na ya juu kabisa. Kawaida brauza ikikwama kusubiri skripti, ina kisomaji kingine kinachotangulia mbele kwenye HTML kutafuta picha na mafaili ya kuanza kuvuta mapema. Ukishaandika lazy unakiambia kisiivute mpaka ijulikane kama picha iko karibu na macho ya mtu, na brauza haiwezi kujua iko wapi mpaka ipange ukurasa, na haipangi ukurasa mpaka CSS zimalize kushuka, na skripti zilizokaa kwenye head bila defer wala async, yale maneno ya kuiambia brauza isisimame kuisubiri skripti ishuke, nazo zimeshushwa na kuendeshwa. Kwake zilikuwa CSS tatu na skripti mbili, moja ni jQuery na nyingine ya slaidi.

Unaona sasa. Ripoti imeorodhesha picha kubwa sehemu moja na skripti zinazozuia sehemu nyingine kama vile ni matatizo mawili yasiyojuana, kumbe kwenye ukurasa huu ni mnyororo mmoja, skripti inazuia upangaji, upangaji unazuia lazy, lazy inazuia picha, halafu ndo uzito wa picha unakuja kuongezea mwishoni. Hii ndo sababu kubwa sikubali ile tabia ya kupita orodha toka juu kwenda chini kama unaweka tiki. (Kuna ndugu yake tatizo hili, picha ya juu ikiwekwa kama background ndani ya CSS, napo kile kisomaji cha mbele hakiioni, na Load Delay inapanda vilevile.)

Tukafanya vitu vitatu tu. Picha tukaikata iwe ya pikseli 800, tukaigeuza WebP ikatoka kama 70 KB, na mstari wake ukawa hivi:

```html
<img src="kichwa-800.webp" width="800" height="450"
     fetchpriority="high">
```

Hiyo fetchpriority inaiambia brauza hii itangulie. Iwekwe kwenye picha moja tu, ukiipa kila picha haina maana tena. Kwenye plagini tukaitoa picha ya kwanza kwenye lazy, za galari zikabaki nayo maana huko ndo mahali pake. Cha tatu, skripti ya slaidi:

```html
<script src="slaidi.js" defer></script>
```

Hapa kuwa makini sana. jQuery nayo aliipa defer bila kuniuliza na menyu ikaacha kufunguka. Sababu, chini ya ukurasa kulikuwa na kipande cha skripti kilichoandikwa ndani ya HTML yenyewe kinachoiita jQuery, na defer haikigusi kipande kama hicho, kinaendeshwa palepale kinapokutwa wakati jQuery bado haijaendeshwa. Utajua kwa kufungua konsoli, utaona "jQuery is not defined" kwa rangi nyekundu. Tukakihamishia kile kipande kwenye faili lake, nalo likapewa defer likakaa baada ya jQuery, maana za defer zinaendeshwa kwa mpangilio ulioziandika. Ukibadilisha chochote cha skripti gusa menyu, fomu na slaidi kwa mkono kwenye simu halisi kabla hujaangalia alama, ripoti haitakwambia kwamba menyu imekufa, tena inaweza ikakupa alama nzuri zaidi.

Tukapima mara tano tukachukua ya katikati, kwa sababu kipimo kimoja kinaweza kupanda au kushuka pointi kadhaa bila wewe kugusa kitu. LCP ikawa 3.1, FCP 2.2, Speed Index 3.8, na duara 89. Yale "Potential savings" 1,480 hayakutokea kama yalivyoandikwa, FCP imeshuka kwa 1,400, na sikutegemea zilingane, ni makadirio ya kila kitu kikipimwa peke yake, usiyajumlishe ukategemea upate jumla hiyo.

Akasema "kaka bado moja tu iwe kijani", maana kijani inaanzia 90. Nikamwambia hiyo moja iache, ukipima kesho inaweza kuja 91 au 87 yenyewe. Kilichobaki ni hiyo LCP ya 3.1 ishuke chini ya 2.5, na ukiangalia vile vipande vinne sasa, Load Delay imekuwa ndogo, kilichojitokeza ni Render Delay, yaani picha imeshafika ila haijachorwa kwenye skrini, na zinazoichelewesha ni zile CSS tatu. Mbili kati yake ni za kurasa ambazo hata sio hii, zinapakiwa kila mahali bila sababu, kwa hiyo wiki hii anaziondoa hizo. Ile sehemu ya juu kabisa ya ripoti inayoonyesha watumiaji halisi kwake bado imeandika "No Data" kwa kuwa wageni hawajafika idadi, siku ikijaa itakuwa inaonyesha siku 28 zilizopita kwa pamoja, basi asije akarekebisha kitu Jumatatu akategemea ibadilike Jumanne.

Skrinshoti aliyonitumia leo asubuhi haina duara kabisa, kaikata imeanzia kwenye mistari minne.