Mkandarasi ameomba wiki kumi na shilingi milioni mbili: tusaini au tukatae?

"Niko kwenye kamati ya mradi wa zahanati ya kaunti, hapa Kenya. Mkataba ni wa shilingi milioni 14, wiki 26, ulisainiwa Januari. Sasa ni Julai na mkandarasi ametuletea hati moja anaomba wiki 10 na shilingi 2,026,000 zaidi. Nusu ya kamati wanasema tusaini kwa kuwa haijafika ile asilimia 25 ya sheria. Nusu wanasema tukatae yote, alijua bei alipoomba kazi. Nani ana haki?"

Kila upande umeshika kipande cha ukweli, na wote wamekosea mahali pamoja: mnaijadili hati kama ombi moja. Ndani yake kuna maombi mawili, la muda na la pesa, na kila moja lina kanuni zake. Kuna sababu zinazompa mkandarasi muda bila hata shilingi. Kuna zinazompa vyote viwili. Na kuna zisizompa kitu. Saini moja chini ya jumla ya wiki kumi na milioni mbili huzifunika tofauti hizo, na mkandarasi mzoefu anajua hilo ndiyo maana huandika hivyo.

Nianze na wanaotaka kukataa yote, kwa sababu hoja yao inapendeza masikioni. Wanasema aliingia kwa bei ya chini ili ashinde zabuni, sasa anataka kutoka kwa mlango wa mabadiliko. Mchezo huo upo, nimeuona mara nyingi. Lakini katika hati yako sababu ya kwanza ni kwamba kiwanja kilikabidhiwa wiki tatu nyuma ya tarehe ya mkataba, maana mpaka na jirani ulikuwa haujamalizwa. Hilo ni kosa lenu, si lake. Ukimchelewesha mtu mwenyewe halafu ukamnyima muda, tarehe ya kumaliza iliyoandikwa kwenye mkataba inaweza kupoteza nguvu. Mkandarasi atasema analazimika tu kumaliza katika muda unaofaa, na fidia yenu ya kuchelewa haina tena siku ya kuanzia kuhesabiwa. Watu wengi hudhani kifungu cha kuongeza muda kiliwekwa kumhurumia mkandarasi. Kinamlinda mwenye mradi zaidi: kinampa njia ya kuisogeza tarehe bila kuipoteza.

Sasa wanaotaka kusaini yote. Asilimia 25 wanayoitaja imo katika kifungu cha 139 cha sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, kwamba mabadiliko yote yakijumlishwa yasiipandishe bei ya mkataba kupita hapo. Huo ni ukuta wa juu kabisa. Haumpi mtu haki ya kuukaribia. Kifungu hichohicho kinataka mabadiliko yaidhinishwe kwa maandishi, kinaweka mpaka wa asilimia 20 kwa nyongeza ya vipimo vya kazi za ujenzi, na kina sentensi moja ambayo kamati nyingi huiruka: bei ya mkataba haipandishwi ndani ya miezi 12 tangu kusainiwa.

Sentensi hiyo inamaliza sehemu kubwa zaidi ya ombi lenu. Kati ya zile 2,026,000, shilingi 780,000 ni za saruji na nondo kupanda bei. Mkataba ni wa Januari, leo ni Julai. Jibu ni sifuri. Namwonea huruma, nondo zikipanda zinauma kweli, lakini hatari hiyo aliibeba alipoweka bei yake. Ila kabla ya kumjibu, angalieni cheti chake cha pili cha malipo kililipwa lini. Kama mlikaa nacho miezi miwili, huenda alinunua vifaa kwa bei ya juu kwa sababu yenu. Hilo litakuwa dai jingine, la riba ya malipo yaliyochelewa, na lina kifungu chake.

Turudi kwenye kiwanja. Wiki tatu za kuchelewa zinathibitishwa na karatasi mbili tu: mkataba unaotaja tarehe ya kukabidhi, na kumbukumbu ya makabidhiano yenye saini zenu. Mpeni wiki tatu. Pesa je? Ameomba 300,000, yaani laki moja kwa wiki, bila kueleza imetoka wapi. Fungueni jedwali la vipimo na bei, sehemu ya mwanzo, pale alipoweka gharama za kukaa kazini: mlinzi, stoo, choo cha wafanyakazi, msimamizi. Tuseme zile zinazokwenda kwa wiki zinafika 1,300,000. Gawanyeni kwa wiki 26, mnapata 50,000. Hiyo ndiyo bei yake mwenyewe ya wiki moja, kwa hiyo wiki tatu ni 150,000. Akitaka zaidi, alete stakabadhi.

Sababu ya pili ndiyo ninayoipenda, maana ndipo hesabu za ujenzi zinapodanganya bila mtu kusema uongo. Walipochimba walikuta udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, ukiwa umeshuka nusu mita zaidi ya michoro. Kuuacha ni kukaribisha nyufa kwenye kuta. Msimamizi wenu aliagiza utolewe na pajazwe mawe, na agizo limo kwenye daftari la kazi. Mkandarasi amedai mita za ujazo 156. Amezipataje? Alihesabu tipa: safari 26, kila moja mita sita. Hesabu ya kuzidisha ni sahihi, lakini udongo ukishachimbwa huvimba, na wa mfinyanzi hupanda hata kwa theluthi. Mkataba hupima shimo, haupimi mzigo ulio juu ya lori. Sakafu ni mita 24 kwa 10, kina kilichoongezeka ni 0.5, jumla mita 120. Kwenye jedwali, kuchimba na kuondoa ni 900 kwa mita, kujaza mawe na kushindilia ni 2,600. Zote 3,500. Mita 120 ni shilingi 420,000. Yeye ameandika 546,000.

Hapa atalalamika kwamba mawe nayo hushuka yakishindiliwa, hivyo alinunua zaidi ya mita 120. Ni kweli alinunua zaidi. Lakini bei ya 2,600 ni ya mawe yaliyokwisha kushindiliwa, na upungufu huo alipaswa kuuweka humo tangu mwanzo.

Kuhusu muda wa kazi hiyo, ameomba wiki tatu. Daftari linaonyesha siku 12 za kazi, nao walikuwa wakifanya kazi siku sita kwa wiki. Wiki mbili basi. Na ni wiki zinazostahili, kwa kuwa msingi ukisimama hakuna kingine kinachoweza kuendelea. Angechelewa kwenye tangi la maji taka pembeni ya uwanja, kuta zingeendelea kupanda na nisingempa hata siku moja.

Wajumbe wakali watauliza: barua yake ya udongo ililetwa lini? Swali zuri. Mikataba ya mtindo wa 1999 wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inampa mkandarasi siku 28 kutoa taarifa tangu ajue tatizo, na akizipitisha dai linakufa. Angalieni mkataba wenu unasemaje. Kama una sharti hilo naye aliandika Julai kwa jambo la Machi, kisheria mna nafasi ya kumfungia mlango. Mimi nisingeifunga hapa. Agizo lilikuwa lenu, lina saini, na mawe yako chini ya zahanati yenu. Sharti la taarifa limewekwa ili mwenye mradi asije akashtukizwa na jambo ambalo hakupata nafasi ya kulikagua. Ninyi mlikuwapo pale shimoni. Mwingine ataniambia kulegeza mara moja ni kumfundisha mkandarasi kutoandika barua, na simlaumu.

Imebaki mvua: wiki nne na shilingi 400,000. Jibu la haraka ni kwamba masika huja kila mwaka, Machi hadi Mei, na aliyepanga kazi Februari alijua. Mvua ya kawaida haiongezi muda. Ya kupita kiasi, ikilinganishwa na rekodi za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, kwa kawaida huongeza muda bila pesa. Kwa kanuni hiyo wote wangesema apate sifuri.

Lakini tazameni ratiba yake ya mwanzo. Msingi ulipangwa kuchimbwa Februari, kukiwa kukavu, na kufungwa kabla ya masika. Ninyi mkakabidhi kiwanja wiki tatu baadaye, ndipo mitaro ikawa wazi mwisho wa Machi ikijaa maji. Daftari lina siku sita za "maji mtaroni, pampu inafanya kazi". Mvua ilikuwa ya kawaida, ila aliyeusukuma msingi ukaangukia ndani yake ni mwenye mradi. Wiki hiyo moja ningempa, pamoja na 50,000 zake. Wiki nyingine tatu ni za Mei, na daftari linasema mambo mengine kabisa: "mafundi wanne", "saruji imekwisha", katika siku zisizo na tone la mvua. Hizo ni zake.

Ukijumlisha, anapata wiki sita, na shilingi 150,000 za kiwanja, 420,000 za udongo, 50,000 za mitaro. Ni 620,000, chini kidogo ya asilimia tano ya mkataba. Wiki nne zilizobaki atazimaliza akikatwa fidia ya kuchelewa. Kama mkataba unasema 7,000 kwa siku, siku 28 ni 196,000, nayo mtaikata bila mabishano kwa sababu tarehe mpya mmeiweka ninyi wenyewe na kueleza sababu ya kila wiki.

Hapo kwenye sababu pasiwe na uvivu. Uamuzi ulioandikwa "tumempa wiki sita kwa kuzingatia hali" hautasimama mbele ya mkaguzi, wala mbele ya mkandarasi akiupinga. Andikeni kila sababu peke yake, na chini yake karatasi mliyoitegemea, muda mliotoa, pesa mliyotoa. Mahali pa sifuri andikeni sifuri na kwa nini.

Na kabla karatasi ya nyongeza haijasainiwa, mtu aende kwenye faili atoe dhamana ya utekelezaji na hati ya bima. Zilikatwa kwa wiki 26 na ziada kidogo. Mkisogeza tarehe bila kumtaka azisogeze nazo, dhamana inaweza kuisha Agosti wakati paa bado halijapigwa bati, na benki haitawajibu simu.