Filamu ya Freddie Mercury: nani alitoa ruhusa, na lawama imemwangukia nani?

Mtu akitafuta filamu ya maisha ya mwanamuziki, mara nyingi ataelekezwa kwenye Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, inayomhusu Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Ni filamu inayosisimua. Filamu za aina hii, zikitengenezwa kwa ruhusa ya wenye haki, mara nyingi hulaumiwa kwa kumsifu mno mhusika mkuu. Hii nayo ilikuwa na ruhusa: mpiga gitaa Brian May na mpiga dramu Roger Taylor, wenzake katika bendi ya Queen, walishiriki kuitengeneza, na mkono wao unaonekana.

Katika filamu, Freddie anasaini mkataba wa kurekodi peke yake, wenzake wanaumia, bendi inavunjika. Kisha anarudi kuomba radhi, na wanapofanya mazoezi ya tamasha la Live Aid la Julai 1985 anawaambia kuwa ana virusi vya UKIMWI. Kumbe Taylor alikuwa ametoa albamu yake binafsi tangu 1981, na May alitoa kazi yake 1983. Bendi haikuvunjika: ilitoa albamu mwaka 1984 na kuzunguka nayo hadi 1985. Kuhusu ugonjwa, wengi waliomfahamu wanasema aligundua mwaka 1987.

Kupanga upya miaka si dhambi; saa mbili haziwezi kubeba maisha mazima. Ninachokiangalia mimi ni mabadiliko hayo yamemnufaisha nani. Hapa marehemu amebebeshwa kosa la kuvunja bendi, na walio hai wamebaki wavumilivu wanaosamehe. Kwa hiyo sifa za kupitiliza hazimwendei mhusika mkuu peke yake. Wakati mwingine huwaendea walioketi mezani wakati hadithi inaandikwa.

Jambo lililonigusa zaidi ni lile lililoachwa. Oktoba 1984 Queen nzima ilitumbuiza Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati Umoja wa Mataifa ukiwataka wasanii waisusie nchi hiyo. Walilaumiwa sana. Miezi tisa baadaye wakapanda jukwaa la Live Aid, uwanja wa Wembley jijini London, kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Mwandishi aliyetaka kumheshimu Freddie kama mtu kamili angepata hapo tukio zito kuliko ugomvi wa kubuni.

Hata hivyo, ruhusa ina faida yake. Bila wenye haki za nyimbo, tusingeisikia sauti halisi ya Freddie. Filamu ya mpiga gitaa Jimi Hendrix ya mwaka 2013 ilinyimwa nyimbo alizotunga, ikabaki na nyimbo za wengine. Nayo haikuwa kweli zaidi kwa sababu ya kukosa ruhusa: mwanamke aliyekuwa mpenzi wake alikanusha hadharani kwamba Hendrix alimpiga kama inavyoonyeshwa. Uhuru wa mtengenezaji nao unaweza kumsingizia marehemu.

Kwa Freddie, ningeichagua filamu hii kwa ajili ya muziki na ile sehemu ya Wembley, iliyoigizwa kwa uangalifu mkubwa. Kisa cha bendi kuvunjika nisingekiamini hadi nimekilinganisha na tarehe za albamu zao.