Tokeni Imekataa

Shilingi 95. Hizo ndizo nimeacha saiba leo, na mtihani wenyewe sijaufanya. Kwa 95 mimi hula chapati mbili na madondo, halafu nikabakiwa na ya kusimama nayo steji nikijifanya nina mahali pa kwenda.

Kazi yenyewe ni ya kutunza stoo, Industrial Area. Nilituma maombi mpaka nikasahau nimetuma. Jumanne ikaingia imeli: hongera, umepita hatua ya kwanza, sasa fanya mtihani mtandaoni, maswali 30, dakika 40, linki ni hii hapa, mwisho ni Ijumaa 12:00 GMT. Jumatano usiku, nikiwa kitandani, nikaifungua kwa simu. Kuona tu. Mtu akialikwa harusi si huchungulia kadi? Pakatokea kidude cha Start, nikakibonyeza. Maagizo yakaanza kushuka polepole, bando ikaisha. Nikageukia ukuta nikalala kama mtu asiye na deni.

Alhamisi stima ikapotea, sitaeleza, mnajua. Ijumaa asubuhi simu ina asilimia 4. Nikajiambia mtu mzima hupanga mambo yake mapema: nikachukua risiti ya unga, nikageuza upande safi, nikanakili ile linki yote kwa kalamu. Ina mkia mrefu kuliko foleni ya Huduma Center, herufi na namba zimechanganywa kama githeri. Simu ikazima nikiwa kwenye herufi ya mwisho. Nikaona ni baraka.

Saiba nikafika saa nne. Kijana wa pale ana miaka labda 22, ana kijiti cha meno mdomoni, na anakuita mzee kwa namna ambayo si heshima wala si matusi.

"Ingia tu kwa imeli yako, mzee."

Nikamweleza kwamba imeli yangu ikiona kompyuta ngeni inatuma namba kwa simu, na simu imekufa. Akachukua simu akaichomeka nyuma ya kaunta kwa shilingi 20, akaitazama risiti yangu ya unga, akavuta kiti.

"Haya, soma."

Tukaanza vizuri. Ile sehemu ya mbele ina maneno ya kueleweka. Tulipofika mkiani mambo yakaharibika.

"Hii ni o ama sufuri?"

"Ni ile ya mviringo."

"Zote ni za mviringo, mzee."

"Ile nyembamba kidogo."

"Si wewe uliandika? Wembamba ni wa mkono wako."

Tukaweka sufuri. Mbele kidogo kuna kijiti kimesimama. Inaweza kuwa l ndogo, inaweza kuwa I kubwa, inaweza kuwa 1. Kwenye simu nilikuwa nimeziona zote zinafanana, nami nikazichora zote kijiti, nikijua zitajulikana mbele ya safari. Mama mmoja aliyekuwa anachapisha programu ya mazishi akainama juu ya bega langu akasema hiyo ni l kama ya Lukas. Mzee wa nyuma, aliyekuja kulipia leseni, akasema hakuna, hiyo ni moja, yeye alikuwa karani wa bandari miaka 19, anajua moja akiiona. Tukapiga kura. Moja ikashinda. Karani akaketi ameridhika, marehemu akiendelea kutoka kwenye printa, nakala ya arobaini.

Kijana akabonyeza. Skrini ikaandika:

```
Invalid token
```

Mimi neno tokeni nalijua kwa stima tu. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye boma lake, kwamba nilinunua Jumapili, za mia mbili, na meseji ninayo. Saiba nzima ikanyamaza. Kijana akatoa kijiti mdomoni, na hapo nikajua ataanza kunifundisha.

Kumbe ule mkia ndio tokeni. Ndio unaoambia mtambo kwamba mlangoni niko mimi, si wewe. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja, na ukikosea moja tu, mtambo unasema haukujui. Hausemi umechelewa, hausemi linki ni mbovu. Unasema tu, huyu ni nani. Kwa hiyo kura yetu ya kidemokrasia ilikuwa imemchagua mtu asiyekuwepo.

Simu ilipofika asilimia 11 nikaiwasha, namba ikaja, nikaingia kwenye imeli yangu kama binadamu. Safari hii hatukuandika chochote kwa mkono, tulibofya linki yenyewe pale ilipo. Nikasubiri nimefumba jicho moja.

```
This link has already been used
```

Nikawaka. Nikasema hawa watu ni matapeli, linki yao ni mbovu, mara haijulikani mara imetumika, na sasa nitawaandikia wanijue. Kijana akaniacha nimalize. Halafu akauliza, polepole, kama daktari anayeuliza kama unakunywa: "Uliifungua lini mara ya kwanza?"

Karani wa bandari akageuka kunitazama. Mama wa programu pia.

Nikakiri. Jumatano. Kitandani. Kuona tu.

"Na ukabonyeza Start?"

Nikaangalia sakafu.

Basi ndivyo ilivyo, akasema. Linki nyingi za mitihani hii ni kama tiketi ya basi la Kisumu: konda akishaitoboa, huji nayo kesho kupanda tena. Ukibonyeza Start saa inaanza kuhesabu kule kwao, si kwenye simu yako, kwa hiyo bando ikiisha wewe unalala, dakika 40 zinaendelea kutembea peke yake. Nililala nikifanya mtihani, jamani. Na nilikoroma maswali yote 30.

Nikageukia saa ya ukutani. Saa tano na dakika kumi. Imeli inasema mwisho 12:00, yaani saa sita, yaani dakika hamsini zimebaki za maisha yangu. Kijana akaguna. "Hiyo ni GMT. Sisi tuko mbele saa tatu. Yako ni saa tisa alasiri." Sijawahi kupewa saa tatu na mtu yeyote bila riba. Nikaketi.

Lakini nikaharakisha, maana akaniambia ombi likifika kabla ya mwisho linasomwa kama tatizo, likifika baada linasomwa kama kisingizio. Nikabonyeza pale pa kujibu, nikamwaga uchungu wangu, nikatuma. Kabla sijafuta jasho barua ikarudi. Nilikuwa nimeiandikia noreply. Nimeishi Nairobi miaka 16, nimeandikia watu wengi wasiojibu, lakini huyu ndiye wa kwanza kulitangaza kwenye jina lake.

Tukashuka chini kabisa ya ile imeli. Pale kwenye maandishi madogo kama ya upande wa pili wa mkataba wa nyumba, kulikuwa na anwani ya dada anayeshughulikia ajira. Nikaanza upya: Kwa unyenyekevu mkubwa, na huku nikikutakia heri wewe na familia yako yote...

"Mzee. Huyo dada ana watu mia wanamwandikia. Anasoma kwa simu akiwa kwa matatu. Kitu ya kwanza aone ni jina lako na kazi gani."

"Na nisiseme linki yao ni mbovu?"

"Wao wanaona uliifungua lini. Ukisema haijawahi kufunguka, umejimaliza."

Hapo ndipo nilipoumia kweli. Uongo nilikuwa nao tayari, mzuri, umepigwa pasi. Ikabidi niuweke chini. Kingine ambacho sikujua ni kwamba huyo dada mara nyingi mtambo si wake, ni wa watu wengine waliokodishwa. Yeye anaingia anatafuta jina lako kwa anwani ile ile ya imeli uliyoombea kazi, anabonyeza kukutumia upya, au anawaandikia wenye mtambo. Kama hakupati, anahamia kwa mwingine. Ndiyo maana kijana alinikataza nisiandike kutoka kwa ile imeli yangu nyingine yenye jina la utani la shule.

Tuliandika kwa Kiingereza cha ofisi, lakini kwa lugha ya nyumbani ilisema hivi. Juu, kwenye kichwa: jina langu, mtunza stoo, namba ya maombi, naomba linki mpya ya mtihani, mwisho ni leo. Chini yake:

"Nilifungua linki Jumatano saa tatu usiku kwa simu, nikabonyeza kuanza, mtandao ukakatika kwenye ukurasa wa maagizo. Sikuona swali lolote. Leo saa tano asubuhi, saa za Nairobi, nimefungua kwa kompyuta na skrini inasema 'This link has already been used'. Picha ya skrini nimeambatisha. Naomba unifungulie upya au unitumie linki nyingine, na kama inawezekana muda wa mwisho usogezwe kidogo. Nina kompyuta na mtandao leo hadi saa kumi na moja jioni."

Basi. Hakuna familia, hakuna heri. Nilijihisi nimeingia kwa mtu bila kubisha hodi. Niliiba nafasi nikaongeza "Asante" mwishoni, kijana akairuhusu.

Nikasubiri pale pale, shilingi moja kwa dakika, kila dakika nikibonyeza kuona kama kuna kitu. Hesabu ilipofika 75 nikatoka nikasubiri nje bure, kwenye kivuli cha kibanda cha M-Pesa, pamoja na karani wa bandari aliyenieleza kila meli aliyowahi kuiandika.

Saa nane na dakika kumi likaja jibu. Mistari miwili. Amefungua upya, linki mpya hii hapa, mwisho Jumatatu 12:00 GMT, "tafadhali tumia kompyuta." Hilo neno tafadhali nimelisoma mara nne, nikitafuta kama kuna kunisuta ndani yake. Kumo.

Linki sijaigusa. Hata kuielekezea kidole siwezi. Nimeufunika uso wa simu kwa kitambaa nikarudi nayo nyumbani hivyo, Jumatatu asubuhi tunaenda saiba wote wawili.

Nyumbani nimekuta giza. Mama Kelvin ananiuliza tokeni nilizonunua niliziweka wapi, mita inalia tangu asubuhi. Nikatoa simu, nikafungua meseji, nikaanza kumsomea namba 20, moja moja, yeye akibonyeza juu ya kiti. Wenye stima angalau walituonea huruma, hawakuchanganya herufi. Tumefika ya kumi na saba.

"Hiyo ni moja ama saba?"

Nikamwambia aite karani.