Kichupa cha pilipili kinapotoka kama ndoo

"Nikiandika kichupa changu cha pilipili kiwekwe kwenye meza ya soko la Kadutu hapa Bukavu, programu ya kuchora picha kwa maneno inanitolea kitu kikubwa kama ndoo. Naandika 'sentimita 9' na bado haisikii. Nibadilishe maneno, ama niache, nipige picha na simu tu?"

Mama, programu hizi hazina rula ndani. Zimejifunza kutoka kwa picha nyingi zilizoandikiwa maelezo, na ni nadra maelezo hayo kutaja sentimita. Zaidi ya hapo, picha za matangazo hupigwa karibu, bidhaa ikijaza fremu. Ukitaja bidhaa, inakuja na tabia hiyo ya kutaka kujaza picha nzima.

Kwa hiyo nambari haitasaidia sana. Kinachosaidia ni jirani. Chagua kitu ambacho ukubwa wake haubadiliki, ukiweke ubavuni. Nyanya hazifai, kwa sababu kuna ndogo na kubwa. Mkono nao unadanganya: programu ikishakuza kichupa, inakuza na vidole ili vikishike, na picha inaonekana sawa kumbe yote ni makosa. Mimi natumia kopo la soda la mililita 330, lile la kawaida lenye kimo cha milimita 115. Kichupa cha sentimita 9 kinafika juu kidogo ya robo tatu yake. Maelekezo yawe hivi:

```
Meza ya mbao sokoni, mafungu ya sambaza waliokaushwa.
Kichupa kidogo cha pilipili, kimo chake robo tatu ya kopo
la soda lililo ubavuni mwake, vyote mstari mmoja.
Kamera mita mbili mbali, usawa wa meza.
Kichupa kinachukua sehemu ndogo ya picha.
```

Maneno "mstari mmoja" ndiyo yanayobeba mzigo. Kopo likisogea mbele kuelekea kamera linakua, na ulinganisho unakufa. Umbali wa mita mbili nao una kazi: kamera ikiwa karibu sana, kilicho mbele kinavimba na meza inakimbilia nyuma.

Usiamini jicho, pima kwenye kioo cha simu. Tuseme kopo lina milimita 46 pale kwenye kioo. Kichupa kinapaswa kuwa na 36. Ukikuta 55, programu imekuchorea chupa ya karibu sentimita 14, hata kama picha inapendeza. Itupe, utoe nyingine. Kopo unaweza kulifuta baadaye, kipimo kikishakaa.

Hadi hapo nimetetea maneno, na yana haki yake. Humsumbui muuzaji saa ya kazi, hupigi sura za watu ambao hawajakuruhusu, na huogopi mvua. Kwa jikoni au meza ya ofisi, ambazo hufanana kwingi, nayatumia bila wasiwasi.

Soko ni jambo lingine. Hapo ukubwa ukiwa sawa, vinavyozunguka kichupa mara nyingi si vya kwetu: vikapu safi vya ndimu na karoti, kivuli cha mwavuli wa mistari, samaki wasiofanana na sambaza wetu wa Kivu. Anayenunua Kadutu kila wiki anaona mara moja. Tena kuna lililonipata mwenyewe. Niliweka picha ya asali yangu bila kupima, mteja wa Goma akapokea kifurushi kilichovuka ziwa kwa boti, akaniandikia: "Ile chupa kubwa iko wapi?" Uzito ulikuwa umeandikwa chini ya picha. Yeye alinunua alichokiona, na sikuwa na la kujibu. Nilimrudishia pesa.

Ndiyo maana kwa soko naegemea njia ya kuchanganya. Omba ruhusa, piga meza halisi na simu asubuhi kabla ya wateja. Mahali pa kichupa simamisha kipande cha boksi ulichokata kwa kimo na upana wake. Nyumbani piga kichupa chenyewe, simu ikiwa kwenye urefu uleule juu ya meza na mwanga ukitoka upande uleule, kisha ukikate na kukibandika juu ya boksi hadi kingo zilingane. Programu iachie kazi ya kivuli tu. Ukiiachia kichupa chote itachora lebo upya, na herufi za jina lako zitavurugika.

Bado inaweza kukataa kukaa. Tazama kifuniko. Ukiona meza kutoka juu kidogo, ukingo wake lazima uonekane kama yai lililolala. Ukingo huo ukiwa mstari mnyoofu, ulikipiga kichupa kutoka usawa wake, na kitaonekana kinaelea hata kivuli kikiwa kizuri. Hapo hakuna maneno ya kurekebisha, rudi ukapige tena ukiwa umeinua simu.