Bosi akisema "la, ngoja", barua inaanzia hapo

Wengi wakipewa sauti ya bosi iliyogeuzwa maandishi ili waandike barua, huanza kunyoosha lugha. Kwa maoni yangu hapo ndipo makosa huanzia, kwa sababu mtu anayezungumza akitembea huamua mambo huku anaongea. Kabla ya kusafisha sentensi yoyote, tafuta kwanza ameishia wapi.

Tuseme maandishi ni haya:

"mwandikie yule wa mifuko mwambie tumechoka tulitaka mifuko elfu ishirini na tano ikaja nusu iliyobaki alete ijumaa la ngoja ijumaa sipo jumatatu saa nne na asipoleta tunavunja mkataba usiandike hivyo lakini aelewe"

Ijumaa imekufa pale pale kwenye "la, ngoja". Ila programu za kunakili sauti humeza vineno vifupi kama hivyo, na ukiachiwa "ijumaa jumatatu" huwezi kujua ipi imefuta ipi. Kwa hiyo sikiliza tena sauti yenyewe, angalau penye siku, namba na maneno ya kukanusha. "Tumelipa" na "hatujalipa" si jambo la kubahatisha.

"Elfu ishirini na tano" nayo ni mtego: inaweza kuwa 25,000 au 20,005. Jibu liko kwenye oda. Na "nusu" ya mtu mwenye hasira si hesabu; hati ya kupokea mzigo ikionyesha 12,000, basi iliyobaki ni 13,000, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye barua. Jumatatu ihesabu kuanzia siku sauti ilipotumwa, si siku uliyoifungua. Kama ilitumwa Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, Jumatatu ni tarehe 16.

Sasa tuje kwenye maneno aliyokuambia wewe, si mpokeaji. "Tumechoka" linatoka. Tishio linabaki, ila linavaa koti:

"YAH: MIFUKO 13,000 AMBAYO HAIJAWASILISHWA

Kati ya mifuko 25,000 tuliyoagiza, tumepokea 12,000. Tunaomba iliyobaki itufikie kabla ya saa 4:00 asubuhi, Jumatatu tarehe 16 Juni 2025. Isipofika kwa wakati huo, tutalazimika kuchukua hatua kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha mkataba wetu."

Namba ya kifungu itoe kwenye mkataba wenyewe. Kama hakuna kifungu kinachogusa ucheleweshaji, usiandike "kwa mujibu wa" chochote. Mrudie bosi, maana tishio lisilo na mguu mpokeaji hulijua upesi.

Na ukimrudia, usimtumie barua nzima na "naomba upitie". Hataipitia, atasaini tu. Mtumie mstari mmoja anaoweza kuujibu akiwa kwenye ngazi: "Iliyobaki 13,000, mwisho Jumatatu tarehe 16 saa 4 asubuhi, si Ijumaa. Sawa?"